Yah: Ukumbusho wa nne wa madai ya Sh 675,550,000 kwa kazi iliyokamilika na kupokelewa

Dodoma,
8 Septemba 2025

Katibu Mkuu,
Wizara,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: MALIPO YA CHETI NA. 3, CHETI NA. 4 NA FEDHA ZA ZUIO – UJENZI WA BWALO NA MABWENI MAWILI YA CHUO, WILAYA YA KONDOA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Rejea mkataba wetu wa tarehe 14 Februari 2023 pamoja na barua zetu za 12 Februari 2024, 3 Juni 2024 na 27 Januari 2025. Kati ya barua hizo tatu, tulijibiwa moja tu, ile ya Juni, nayo ilisema madai yetu "yanafanyiwa kazi". Kwa kuwa tangu hapo umepita mwaka na zaidi, naomba niyaeleze upya tangu mwanzo, ili atakayeisoma barua hii asilazimike kutafuta jalada.

3. Tulikabidhiwa eneo la kazi tarehe 6 Machi 2023 kwa muda wa miezi 13. Tulimaliza tarehe 28 Machi 2024, siku tisa kabla ya muda, na siku hiyohiyo Mhandisi Mshauri akatoa Cheti cha Kukamilika kwa Kazi. Muda wa matazamio wa siku 365 nao umepita. Kasoro zilizoorodheshwa, yaani ufa wa lipu upande wa jiko, milango miwili ya vyoo iliyokuwa ikikwama na mfereji wa maji ya mvua, tulizirekebisha kwa gharama zetu, na tarehe 11 Aprili 2025 tukapewa cheti cha mwisho. Hakuna kazi tunayodaiwa.

4. Bei ya mkataba ni Sh 1,413,640,000 pamoja na VAT. Cheti Na. 1 na Na. 2 tulilipwa, jumla Sh 738,090,000 baada ya kukatwa zuio, na kwa hilo tunashukuru. Vyote viwili vililipwa ndani ya miezi miwili. Zilizobaki ni hizi:

Cheti Na. 3, kilichoidhinishwa 22 Desemba 2023: Sh 326,034,000
Cheti Na. 4, kilichoidhinishwa 19 Aprili 2024: Sh 208,152,000
Nusu ya kwanza ya zuio, iliyopaswa kuachiwa kazi ilipokamilika: Sh 70,682,000
Nusu ya pili ya zuio, baada ya matazamio: Sh 70,682,000
Jumla: Sh 675,550,000

5. Mkataba unampa Mshitiri siku 28 kulipa tangu cheti kinapoidhinishwa. Kwa hesabu hiyo Cheti Na. 3 kilipaswa kulipwa ifikapo 19 Januari 2024. Leo kimechelewa siku 598. Cheti Na. 4 kimechelewa siku 479.

6. Sababu tulizopewa kwa mdomo zimekuwa zikibadilika. Mwanzoni tuliambiwa fedha hazijatoka Hazina. Mwaka wa fedha 2023/2024 ulipofungwa, tukaambiwa deni limeshakuwa la mwaka uliopita, kwa hiyo ni lazima lihakikiwe kwanza. Tulikubali, maana uhakiki wa madeni ni utaratibu halali na asiye na la kuficha hauogopi. Timu ya wahakiki ilifika Kondoa tarehe 17 Oktoba 2024. Nilikuwepo. Walipima bwalo kwa futi kamba, wakahesabu madirisha, wakafungua mabomba ya mabweni moja baada ya jingine na kulinganisha na mchanganuo wa gharama. Ilikuwa saa saba mchana na wanachuo walikuwa ndani wanakula ugali na maharage, ikabidi wahakiki wasubiri benchi zipungue watu ndipo wapime sakafu. Jioni walisaini fomu kwamba kazi ipo na thamani yake ni hiyohiyo iliyo kwenye vyeti. Nakala ya fomu hiyo ni Kiambatisho C.

7. Tulidhani hapo safari imefika. Januari mwaka huu afisa wetu alipofuatilia, aliambiwa jalada halionekani: Ununuzi wanasema lipo Uhasibu, Uhasibu wanasema halijashuka kutoka kwa wahandisi. Tumeshapeleka nakala za vyeti, ankara na vipimo mara tatu, na kila mara tumegongewa muhuri wa kupokelewa. Mihuri hiyo mitatu tumeiambatisha. Sitaki kuamini kwamba kuna mtu analishikilia kwa makusudi. Nadhani limekaa chini ya mengine na halina anayeliulizia kutoka ndani.

8. Ndugu Katibu Mkuu, kuchelewa huku kuna gharama, na gharama hizo hazikai kwenye jalada. Kwa Cheti Na. 3 na Na. 4 tulishatoa ankara za kodi, na VAT yake, Sh 90,540,000, tumeshaipeleka TRA kwa fedha za mkopo. Yaani tumeilipa Serikali kodi ya fedha ambazo Serikali yenyewe haijatulipa. Aliyetukopesha nondo na saruji ametuletea wakili. Fundi wa vigae, ambaye kazi yake ndiyo wageni wa Chuo wanayoisifia, hunipigia kila Ijumaa baada ya swala. Siku hizi hata haulizi fedha, anasalimia tu na kunyamaza, nami najua anachosubiri. Mwezi Mei tulishindwa kuomba zabuni mbili kwa sababu benki ilikataa kutupa dhamana mpaka tupunguze deni. Kama sisi ndio tungechelewesha kazi, mkataba ungetukata fidia kwa kila siku, na tungekatwa bila kuandikiana barua nne.

9. Kuhusu riba: kwa kiwango cha asilimia 9 kwa mwaka kilichomo kwenye Masharti Mahususi ya mkataba, riba ya vyeti hivyo viwili peke yake hadi leo ni takriban Sh 72,659,000 (Kiambatisho D). Ni haki yetu na hatujaiacha. Hata hivyo, tupo tayari kuketi na Wizara tuizungumze endapo deni la msingi litalipwa lote kabla ya tarehe 31 Oktoba 2025. Baada ya hapo hesabu itaendelea kama mkataba unavyosema.

10. Tunaomba mambo matatu. Kwanza, madai haya yaingizwe kwenye mfumo wa MUSE katika robo hii ya kwanza ya mwaka wa fedha 2025/2026, tukianza na Cheti Na. 3 ambacho ndicho cha zamani zaidi. Pili, tujulishwe kwa maandishi ndani ya siku 14 jalada liko kwa nani na limekwama kwa lipi. Kama kuna karatasi inayokosekana, tutaileta siku hiyohiyo. Tatu, ikiwa fedha yote haiwezi kutoka kwa mkupuo, tupewe ratiba ya malipo yenye tarehe na kiasi, tuionyeshe benki.

11. Mkataba unaturuhusu kupeleka mgogoro kwa Msuluhishi, na baada ya hapo sheria inaturuhusu kutoa notisi ya siku 90 ya kusudio la kuishitaki Serikali. Hatujafika huko wala hatupendi kufika. Tumejenga kwa Serikali miaka mingi na tungependa kuendelea kujenga. Lakini wakili wetu ameshatuuliza mara mbili tunangoja nini, na mara ya pili sikuwa na jibu.

12. Nipo Dodoma wiki nzima hii na ijayo, na nitafika ofisini kwako siku na saa yoyote nitakayopangiwa, pamoja na mhasibu na majalada yetu yote.

Naomba kuwasilisha.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kwa niaba ya Mkandarasi

Nakala:
Mkuu wa Kitengo cha Fedha na Uhasibu, Wizara
Mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, Wizara
Mhandisi Mshauri wa mradi
Mkuu wa Chuo, Kondoa

Viambatisho:
A – Vyeti vya Malipo Na. 3 na Na. 4, na ankara zake
B – Cheti cha Kukamilika kwa Kazi na cheti cha mwisho
C – Fomu ya uhakiki ya 17 Oktoba 2024
D – Mchanganuo wa riba
E – Barua tatu za awali, na kurasa tatu za nyaraka zilizogongwa mihuri ya mapokezi