Barua ya kazi: mkaguzi wa oda za usiku, wajibu wake na mipaka yake

Mtwara, 2 Septemba 2024

Mwanangu Selemani,

Asalaam aleikum. Natumaini nyumbani hawajambo. Tumezungumza mengi kwa simu, lakini kazi ninayokupa inagusa fedha na majina ya watu, kwa hiyo naona tuiweke kwenye maandishi. Kama kuna jambo hulikubali, niambie kabla hujaanza kuandika programu.

Hali ya biashara unaijua. Oda za korosho zilizobanguliwa huingia zaidi usiku, watu wa Dar, Dodoma na Arusha wakishatulia majumbani. Nyingine hupitia fomu ya mtandaoni, nyingine Zuhura anazinakili kutoka WhatsApp kwenda kwenye jedwali letu. Mizigo lazima ifike stendi saa 11 alfajiri ili iwahi mabasi. Nataka programu utakayoandika, ambayo ndiyo mkaguzi wetu, ianze kukagua oda hizo saa 8 usiku, na ikifika saa 9 orodha iwe kwenye simu yangu na ya Zuhura.

Angalia sana hizo saa. Uliniambia seva itakuwa inasoma saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3. Basi saa 8 usiku ya Mtwara, kule ni 23:00 ya tarehe ya jana, na ratiba itaandikwa hivi:

```
0 23 * * *
```

Oda iliyoingia saa 7 usiku isije ikahesabiwa ya jana na kuachwa. Tarehe zote ninazoziona mimi ziwe za Mtwara.

Kazi ya mkaguzi ni kulinganisha. Malipo ayasome kwenye taarifa ya lipa namba yetu, kamwe si kwenye picha ya meseji aliyotuma mteja, kwa sababu meseji za malipo za kughushi zimetufikia hapa na zinafanana kabisa na za kweli. Kiasi kilingane na oda, na namba ya muamala isitumike kwa oda mbili. Aangalie pia kama stoo ina mzigo wa kutosha, akitenganisha nzima na vipande na kila uzito wa pakiti. Kwenye namba za simu, jedwali lina tabia ya kula sifuri ya mwanzo, 07 ikabaki 7. Hiyo aisome kama namba halali, asimsimamishe mteja kwa sababu ya sifuri. Oda mbili zinazofanana kutoka simu moja azitie alama tu. Wapo wanaoagiza mara mbili kwa makusudi, hasa wenye shughuli.

Kila oda ipate jibu moja kati ya matatu: `SAWA`, `SUBIRI` au `HAIJAKAGULIWA`. Penye `SUBIRI` aandike sababu kwa sentensi ambayo mfungashaji ataielewa, mfano "Imelipwa 45,000, inatakiwa 54,000". Hilo la tatu ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mwezi Mei mwaka huu kebo za chini ya bahari zilikatika na mtandao ukayumba nchi nzima. Usiku kama ule programu haitaweza kusoma taarifa ya malipo, na hapo nisione neno `SAWA` hata kwenye oda moja. Kutoona kosa kwa sababu hukuweza kutazama ni jambo tofauti na kutazama ukakuta hakuna kosa. Orodha isipofika kabisa hadi saa 9 na nusu, simu ya Zuhura ipigwe kengele, na kengele hiyo itoke mahali pengine, si kwenye seva ileile iliyolala.

Sasa mipaka. Mkaguzi ana ruhusa ya kusoma, kulinganisha, kutia alama na kuizuia oda isichapishwe kwenye karatasi ya wafungashaji. Zaidi ya hapo hana mamlaka. Hafuti oda, harudishi fedha, habadili bei wala kiasi, habadilishi nzima kuwa vipande hata kama stoo imeisha, na hamwandikii mteja neno lolote. Najua ulipendekeza meseji iende moja kwa moja kwa mteja ambaye malipo yake hayajaonekana. Sikubali. Mteja aliyelipa kwa haki, kisha saa 8 usiku akaambiwa hajalipa, huyo nimempoteza. Na malipo mengine huchelewa kuonekana bila kosa lake. Oda iliyosubiri naweza kuiachia alfajiri mzigo ukawahi basi. Iliyofutwa, mtu ameshanunua kwingine.

Kuiachia oda ya `SUBIRI` ni kazi yangu au ya Zuhura peke yetu, na programu iandike nani ameiachia na saa ngapi. Hata `SAWA` si amri ya kusafirisha. Barabara ya kwenda Dar ilipokatika upande wa Somanga kwa mvua za Mei, hakuna hesabu ya malipo wala stoo ambayo ingeonyesha hilo. Kusafiri kwa mzigo naamua mimi.

Na wewe pia una mipaka yako. Unaweza kurekebisha hitilafu ya programu bila kuniuliza, mradi asubuhi uniandikie umegusa nini. Unaweza kuizima wakati wowote ukiona inakosea. Kwa hilo sitakulaumu kamwe, tutakagua kwa mkono. Lakini kanuni za ukaguzi, yaani nini kinaitwa sawa na nini kinasubiri, usizibadili bila ruhusa yangu ya maandishi, hata usiku, hata ukiwa na hakika. Gharama za seva zisizidi Sh 40,000 kwa mwezi. Usimpe mtu mwingine kazi hii wala nywila zake.

Namba ya siri ya lipa namba hutapewa, na usiiombe. Zuhura atakuwa anaweka faili la miamala kwenye folda kila saa 7 na nusu usiku, nawe utapata ruhusa ya kulisoma tu. Akichelewa, oda zote ni `HAIJAKAGULIWA`. Majina, simu na anwani za wateja visitoke kwenye seva kwenda kwenye kompyuta yako. Majaribio yafanye kwa majina ya kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanibana mimi niliyezikusanya, na inakugusa wewe unayezishughulikia kwa niaba yangu.

Majaribio yaanze usiku wa kuamkia 23 Septemba, usiku 14 mfululizo. Katika kipindi hicho mkaguzi atoe orodha tu bila kuzuia oda, na Zuhura akague kwa mkono kama kawaida. Tutalinganisha. Oda moja mbaya ikipewa `SAWA`, tunarekebisha na kuanza kuhesabu upya. Nataka tuwe tumemaliza kabla ya msimu kuchanganya na oda za Desemba kuanza kumiminika.

Malipo ni Sh 1,200,000: 400,000 ukisaini, 400,000 majaribio yakikamilika, na 400,000 ukinikabidhi programu yote, nywila zake na maelezo ya Kiswahili ambayo Zuhura anaweza kuyafuata bila wewe. Baada ya hapo programu ni mali ya biashara.

Nimekuwekea nakala mbili. Saini zote, moja ibaki kwako, nyingine mrudishie Zuhura dukani kabla ya Ijumaa tarehe 6, naye atakupa malipo ya kwanza siku hiyohiyo.

Wako,
Mama Zuhura
Magomeni, Mtwara