Usaili wa nafasi ya msaada wa TEHAMA: mhasibu hana mtandao, tarehe 20

Msaili: Mimi ni mhasibu, nimekupigia simu saa tisa alasiri. Fikiri kwa sauti. "Nyie watu wa TEHAMA mko wapi? Mtandao hakuna tangu asubuhi, leo tarehe 20, mwisho wa ritani ya VAT, na printa nayo imegoma!"

Msailiwa: Shikamoo mama. Pole sana, leo si siku ya kukwama. Wenzako humo ofisini wanapata mtandao?

Msaili: "Wanapata! Mimi tu. Na usiniambie nizime niwashe, nimeshafanya mara tatu."

Msailiwa: Sikwambii, mama. Tafadhali omba kompyuta ya mwenzako, uanze ritani huko, kisha tuirudie yako. Hapa kwako msaili: tarehe ya TRA hainisubiri mimi, kwa hiyo naokoa kazi yake kwanza. Wengine wanapata, basi laini ya nje ni nzima. Kompyuta na printa zimekatika pamoja, nahisi kuna kifaa kimoja ambacho zote mbili zinakitegemea.

Msaili: "Kompyuta zote zina watu. Nisaidie hii hii."

Msailiwa: Sawa mama, niko nawe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha Enter. Halafu andika:

```
ipconfig
```

Nisomee namba iliyo mbele ya IPv4.

Msaili: "169.254.37.12."

Msailiwa: Asante, hiyo imenisaidia sana. Msaili, 169.254 ni anwani ambayo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba anwani kwa DHCP, seva inayogawa anwani za mtandao, na kukosa jibu. Waya ungekuwa umechomoka kwenye kompyuta, ingesema "Media disconnected". Kwa hiyo waya umeshika, ila upande wa pili haufiki kwenye seva hiyo. Mama, chini ya meza kuna kiboksi chenye waya kadhaa?

Msaili: "Kipo, kinawaka taa. Jana jioni walihamisha meza wakafagia."

Msailiwa: Hesabu waya. Wako, wa printa, na mmoja wa kwenda ukutani.

Msaili: "Naona miwili... huu wa ukutani umelala sakafuni."

Msailiwa: Uchomeke mpaka usikie mlio. Taa zilikudanganya kwa sababu kiboksi hicho, yaani swichi ya mtandao, kilikuwa na umeme na kikaongea na kompyuta yako, lakini hakikuwa na njia ya kutoka. Sasa andika:

```
ipconfig /renew
ping 8.8.8.8
```

Msaili: "Imekuwa 192.168.10.57. Na majibu yanakuja."

Msailiwa: Fungua sasa ukurasa wa ritani, kisha chapa karatasi moja ya majaribio. Sikati simu mpaka nisikie umeshatuma.

Msaili: Je, kama namba ingebaki 169.254, ungefanya nini?

Msailiwa: Ningejaribu tundu jingine la ukutani. Likikataa, naandika tiketi yenye namba hiyo na yote tuliyojaribu, naipeleka kwa watu wa mtandao, kisha namwambia mama saa ya kupigiwa na nampigia saa hiyo hata kama bado sina jibu.