Kitanda Namba 3

Sista alimaliza kufunga kidonda cha mgonjwa wa kitanda namba 7, akavua glavu, akazitupa kwenye ndoo ya taka, akaandika kwenye faili. Nilikuwa nyuma yake nimeshika trei. Gozi tulizotoa zilikuwa na usaha wa kijani, na harufu yake ilikuwa bado imenikaa puani. Kisha akageukia kitanda namba 8, akachomoa glavu mpya kwenye boksi, akaanza kuvaa. Chupa ya dawa ya mikono ilikuwa imening'inia miguuni pa kitanda, karibu kabisa naye. Hakuigusa.

Kitandani alikuwa amelala bibi aliyefanyiwa upasuaji siku mbili kabla. Dawa yake ilikuwa ipite kwenye kanula, yaani moja kwa moja kwenye damu.

Darasani nilikuwa nimezikariri zile nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribia majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Nilijua pia kwamba glavu si mbadala wa kunawa. Unapozivua, kidole hugusa upande mchafu bila wewe kuhisi, na mkono huohuo ndio unaoingia kwenye boksi kuchukua mpya. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, na mdomo haukufunguka.

Sista hakuwa mzembe. Lazima niliseme hilo. Ndiye aliyenifundisha kuutafuta mshipa wa mzee kwa ncha ya kidole kabla ya kuutafuta kwa macho. Siku ile tulikuwa na wagonjwa 28, wauguzi wawili, na mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tangu asubuhi hakuwa ameketi. Na kitabu changu cha mazoezi kilikuwa mezani kwake kikisubiri sahihi. Nani anamsahihisha mkubwa wake mbele ya mgonjwa, halafu anampelekea kalamu?

Jana yake nilikuwa nimeona jambo hilohilo kwenye kitanda namba 3. Nikajiambia labda alipaka nikiwa nimegeuka. Usiku usingizi ulinikataa, kwa sababu sikuwa nimegeuka.

Nikamkumbuka Semmelweis, yule daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini wakitoka kupasua maiti, kabla ya kuwagusa wajawazito. Vifo vya wazazi vilishuka sana, lakini wenzake wengi walichukia kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyobeba mauti. Mwalimu alipotusimulia, sote tuliwashangaa wale madaktari. Hakuna aliyeuliza kama palikuwa na wanafunzi waliokuwa wakiona na kunyamaza.

"Sista, samahani."

Akageuka. Glavu moja ilikuwa nusu mkononi.

"Tumetoka kwenye kidonda. Hatujapaka dawa ya mikono."

Nilisema *hatujapaka* kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hata mimi nilikuwa nimepokea zile gozi na trei ileile ilikuwa bado mikononi mwangu.

Bibi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Sista akaivua ile glavu, akaitupa, akabonyeza chupa. Kiganja kwa kiganja. Mgongo wa mkono. Katikati ya vidole. Vidole gumba. Ncha za vidole ndani ya kiganja. Akasubiri mikono ikauke, sekunde thelathini hivi, bila neno. Nikaweka trei chini, nikapaka na mimi. Kisha akavaa glavu, akamchoma bibi dawa kwa upole uleule wa siku zote.

Mpaka jioni hakuzungumza nami ila maneno ya kazi: lete dripu, pima presha, andika. Kila aliponiita moyo ulinidunda. Sikujuta, lakini niliogopa, na sitamdanganya mtu kwamba ukisema jambo sahihi hofu inaondoka.

Zamu ilipokuwa inaisha aliniita chumba cha dawa. Kitabu changu kilikuwa wazi mbele yake, sahihi tayari. Alikuwa ameegemea meza, macho yamechoka.

"Ile ya leo uliiona," akasema. "Kuna nyingine?"

Ningeweza kusema hapana. Kitabu kilikuwa kimeshasainiwa.

"Jana, Sista. Kitanda namba 3. Ulipobadilisha kanula."

Akanyamaza. Akafunga kitabu, akanipa. Akachukua kipimajoto, akaenda kwenye sinki na kufungua maji.

"Nawa na wewe, mwanangu," akasema. "Twende tukaitazame ile kanula."