Kidole cha Babu

Mzee Ndahani alikubali kuipokea simu janja kwa sharti moja tu, kwamba kitochi chake kisitupwe. Kitochi hicho, ambacho betri yake ilishikiliwa kwa mpira wa kufungia noti, kilikuwa kimemhudumia tangu enzi ambazo pale Hombolo ilibidi mtu apande kwenye kichuguu ili apate mtandao, na yeye hakuwa mtu wa kumwacha mtumishi mwaminifu kwa sababu tu amezeeka. Mwanawe Yohana, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alilikubali sharti hilo kwa moyo mkunjufu, akanunua simu, akaifunga ndani ya sweta na kumkabidhi bintiye Neema, ambaye alikuwa anakuja Dodoma kwa treni ya SGR kumaliza likizo ya Juni kwa babu na bibi yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea nini huko mjini?" aliuliza mzee kwa utani wa siku zote, na bibi, aliyekuwa akibambua karanga kwenye mkeka, akasema kwamba mke mkubwa bado yupo na masikio yake yanasikia vizuri.

Haja ya simu ile haikuwa ya anasa. Umoja wa wakulima wa zabibu, ambao Mzee Ndahani alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulikuwa umehamishia matangazo yake yote kwenye kundi la WhatsApp: siku ya mkutano, bei ya mnunuzi, zamu ya maji na ujio wa bwana shamba. Wenye simu janja walizipata habari papo hapo, ilhali yeye alizipata baada ya siku mbili au tatu kupitia kwa kijana wa dukani, ambaye kila habari aliipunguzia kidogo na kuiongezea kidogo. Msimu uliotangulia tangazo la dawa lilimfikia wakati dawa yenyewe imekwisha kugawanywa. Hakulalamika hadharani, lakini tangu siku hiyo alianza kuwatazama kwa makini watu wanaosoma vioo vya simu, kama mtu anayesubiri zamu yake kisimani.

Kikwazo cha kwanza kilikutwa kwa wakala wa laini. Laini ya kitochi ilikuwa kubwa kuliko tundu la simu mpya, hivyo ilibidi ibadilishwe, na kubadilisha laini kunahitaji namba ya NIDA pamoja na alama ya kidole. Namba mzee alikuwa nayo. Kidole ndicho kilichokataa. Wakala alikifuta kwa kitambaa, akakijaribu tena, akahamia kwenye gumba, akaenda mkono wa kushoto, na kila mara mashine ililia kwa mlio uleule wa kukataa.

"Mzee, alama zako zimelika," alisema wakala hatimaye.

"Hazijalika. Zimebaki shambani," alijibu Mzee Ndahani, na akanyoosha vidole vilivyobaki kimoja baada ya kingine, mpaka kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilipotambuliwa.

Jambo hilo halikumfundisha Neema chochote kwa wakati ule, ingawa lilipaswa kumfundisha. Walipoketi chini ya mwembe kuanza somo, kioo kilimgomea mzee vilevile. Aliigusa alama ya WhatsApp kwa kidole cha shahada na haikutokea kitu. Aliigusa tena kwa nguvu, na safari hii zikatokea habari ambazo hakuziomba, zikimuuliza kama anataka kuiondoa programu hiyo.

"Gusa, babu, usikandamize."

"Nimegusa."

"Umekandamiza. Huko ni kukandamiza."

"Basi nionyeshe kugusa kwa namna gani, maana mimi nikigusa hakisikii, nikikandamiza kinatafsiri vingine."

Neema aliinyakua simu, akabonyeza mara tatu kwa wepesi wa kuku anayedonoa mtama, akairudisha. "Umeona?" Babu hakuwa ameona. Ikawa ndiyo desturi ya asubuhi ile: mzee akikwama, mjukuu ananyakua, kioo kinabadilika sura, kisha kinarudi mikononi mwa mtu ambaye hajui kimefikaje hapo. Katika unyakuzi mmoja wapo Neema alifanya jambo la maana sana, kwani aliingia kwenye Mipangilio akabadilisha lugha kuwa Kiswahili na kuyakuza maandishi, lakini hata hilo mzee aliliona kama mtu anavyouona mlima kupitia dirisha la basi.

Mara ya mwisho Neema aliponyoosha mkono, Mzee Ndahani aliisogeza simu pembeni.

"Nilipokufundisha kupogoa zabibu, nilikunyang'anya mkasi?"

Neema alinyamaza. Alikumbuka. Alikuwa mdogo, na alikuwa amekata tawi ambalo halikustahili kukatwa, tawi lenye macho mazuri ya kuzaa, na babu yake alilitazama tawi lilivyoanguka, akamwambia tu ahesabu macho mawili kutoka chini kabla ya kukata tena. Mzabibu huo ulikuwa ungali hai upande wa mashariki wa shamba.

"Hukuninyang'anya, babu."

"Basi hii ni simu yangu. Ikiharibika, imeharibikia mikononi mwangu. Wewe weka mikono ndani ya kanga."

Akaiweka. Kwa msichana wa kidato cha pili aliyekua akiishika simu ya mama yake tangu hajajua kusoma, kukaa na mikono ndani ya kanga huku mtu mwingine akitafuta kwa dakika nzima alama iliyo mbele ya macho yake ni adhabu ambayo shule haijaifikiria. Lakini kwa kuwa mikono ilifungwa, macho yalianza kufanya kazi, na ndipo alipokitazama kidole cha babu yake kwa mara ya kwanza. Ncha ya kidole cha shahada, pale mkasi wa kupogolea unapoegemea, ilikuwa na sugu ngumu ya rangi ya kahawa, kavu, yenye mipasuko iliyoingia vumbi jekundu. Kioo cha simu hakihisi msukumo, bali huhisi ngozi inapoubadilisha umeme mdogo wa kioo chenyewe, na ngozi iliyokauka kiasi kile haipitishi umeme vya kutosha. Babu hakuwa amekosea kugusa hata mara moja.

"Babu, tumia kidole kile cha wakala."

Mzee Ndahani alikiinua kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akakitazama kama mtu aliyepewa cheo, akakishusha juu ya alama ya kijani. WhatsApp ikafunguka. Bibi aliacha karanga zake na kuja kutazama.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda, ingawa si yote. Kuandika kulimchosha, kwa sababu herufi zilikuwa zimebanana na simu ilikuwa na tabia ya kumkamilishia maneno kabla hajaamua kuyasema. Programu ya kutuma fedha aliikataa moja kwa moja. Alikuwa akituma na kupokea fedha kwa kitochi kwa miaka mingi, akipiga *150*00# na kujibu menyu kwa kichwa bila kuisoma, na hakuona sababu ya kuijifunza upya njia anayoijua. Hapo mwalimu aligeuka mwanafunzi. Ulipoingia ujumbe wa mtu asiyejulikana unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii, Neema alidhani ni baba yake aliyebadilisha laini, lakini mzee aliucheka, akamwelekeza namna ya kuripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, jambo ambalo yeye alikuwa amelifanya mara nyingi.

Wiki ya pili ya likizo, upepo wa baridi wa Dodoma ukivuma kama uliokosana na watu, Mzee Ndahani alirudi kutoka shambani na jani moja mfukoni. Lilikuwa na unga mweupe juu yake, kama lililonyunyiziwa unga wa muhogo. Aliutambua mara moja kuwa ni ubwiri unga, na aliutambua kwa hofu, kwa sababu mizabibu iliyopogolewa baada ya mvuno wa masika ilikuwa imeshafunga vishada vidogo, na ugonjwa huo ukikamata tunda changa hulipasua ngozi kabla halijaiva. Kwa desturi angempelekea jani bwana shamba, au angesubiri apite.

"Mpige picha," alisema Neema.

"Nampiga picha bwana shamba?"

"Jani, babu."

Walirudi shambani pamoja. Picha ya kwanza ilikuwa ya gumba la mzee, ya pili ya udongo, na ya tatu ilionyesha jani lakini limefifia kwa sababu upepo ulilitikisa. Neema alikuwa ameificha mikono ndani ya kanga bila kuambiwa. Alisema tu kwamba ni vizuri jani lishikwe kwa mkono mmoja, jua liwe mgongoni, na mpigaji asubiri kioo kitulie kabla ya kugusa. Mzee alilishika jani kwa mkono wa kulia, akaiegemeza simu kwenye nguzo ya zege, na kwa kidole kile cha pete akapiga picha iliyoonyesha unga mweupe, mishipa ya jani na hata kishada cha nyuma chenye punje za ukubwa wa dengu.

Kilichobaki kilikuwa maelezo, na Neema alimwonyesha alama ya kipaza sauti, akamweleza kwamba ile haiguswi na kuachiwa, bali hukandamizwa na kushikiliwa muda wote mtu anapozungumza. Mzee Ndahani alimtazama mjukuu wake kwa jicho la mtu aliyetendewa haki baada ya kusubiri sana.

"Kumbe kukandamiza kupo."

Akakandamiza. Alimsalimu bwana shamba, akamuulizia familia, akampa pole ya barabara, akaeleza aina ya mzabibu kuwa ni Makutupora nyekundu, upande wa shamba ulioathirika, tarehe ya kupogoa na hali ya mawingu ya asubuhi. Majibu yalikuja kabla ya chakula cha mchana: ni ubwiri unga kweli, apulizie salfa asubuhi na mapema au jioni, asithubutu kupulizia jua likiwa kali kwa sababu salfa itaunguza majani, na ayaondoe majani yanayobana vishada ili hewa ipite. Jioni hiyohiyo walikuwa shambani na bomba la mgongoni, mzee akipulizia, Neema akipunguza majani kwa mkasi uleule.

Mzee aliituma picha hiyo pia kwenye kundi la umoja, akaambatanisha sauti ya kuwatahadharisha wenzake, na wakulima watatu wa mashamba jirani wakajibu kwamba wameuona ugonjwa huo kwao pia. Katibu alimshukuru kwa maandishi, kisha akaongeza, kwa heshima zote, kwamba wazee wajitahidi kufupisha sauti zao kwa sababu wanachama wengine wana bando dogo.

Mzee Ndahani aliomba asomewe ujumbe huo mara mbili, ingawa maandishi yalikuwa makubwa na angeweza kuusoma mwenyewe. Kisha akakandamiza kipaza sauti na kumweleza katibu, kwa utulivu na kwa mifano, kuanzia siku umoja ulipoanzishwa chini ya mbuyu wa shule, kwa nini jambo la zabibu halielezeki kwa ufupi. Neema aliitazama saa ya kioo ikipita dakika ya sita, akaenda kumsaidia bibi kuchambua mlenda.