4.3 Safari ndefu, uchovu, na uhuru wa kupanga saa ya kuingia kazini

Swali la tatu la utafiti liliuliza kama safari ndefu ya asubuhi inamchosha kila mfanyakazi kwa kiwango kilekile, au kama makali yake yanategemea uhuru alionao wa kuamua saa ya kufika kazini. Kwa maneno ya kitakwimu, uhuru huo ulipimwa kama kigeu rekebishi, yaani kinachobadili nguvu ya uhusiano kati ya vigeu vingine viwili.

Regresheni ilihusisha wafanyakazi 248 wa Kariakoo na Posta. Umri, jinsia na saa za kazi kwa wiki vilidhibitiwa. Muda wa safari (wastani dakika 74, mkengeuko sanifu 28) uliingizwa kwa vipande vya dakika 10, na uhuru ulipimwa kwa skeli ya 1 hadi 5 (wastani 2.6, mkengeuko sanifu 0.9). Vyote viwili vilitolewa wastani wake kabla ya kuzidishwa, hivyo namba ya kila kimoja inasomwa kwa mtu ambaye kingine kwake kiko kwenye wastani.

Modeli nzima ilieleza asilimia 27 ya tofauti za uchovu, F(6, 241) = 14.86, p < .001. Kwa mfanyakazi mwenye uhuru wa wastani, kila dakika 10 za ziada barabarani ziliambatana na ongezeko la pointi 0.08 za uchovu (kosa sanifu 0.018, p < .001). Lakini namba hiyo peke yake inaficha jambo, kwa kuwa mwingiliano nao ulikuwa na maana kitakwimu: b = −0.05, kosa sanifu 0.016, t(241) = −3.13, p = .002, masafa ya uhakika ya 95% [−0.082, −0.018]. Kuuongeza kwenye modeli kulipandisha R² kwa 0.03. Si nyongeza kubwa, ila athari yake inaonekana wazi kwa wanaotoka mbali.

Miteremko sahili ndiyo inayoonyesha hilo. Uhuru ulipokuwa mdogo (mkengeuko sanifu mmoja chini ya wastani, yaani 1.7), mteremko ulikuwa mkali: b = 0.125, kosa sanifu 0.023, t = 5.43, p < .001. Uhuru ulipokuwa mkubwa (3.5), mteremko ulishuka hadi 0.035 na haukutofautiana na sifuri, kosa sanifu 0.023, t = 1.52, p = .13. Hii haimaanishi kwamba watu hao hawachoki na foleni. Masafa yao, [−0.010, 0.080], bado yanaruhusu athari ndogo ambayo sampuli hii haikuweza kuithibitisha.

Kwa kuwa 1.7 na 3.5 ni vituo tulivyochagua wenyewe, tulitumia pia mbinu ya Johnson na Neyman kutafuta mpaka halisi. Athari ya safari inapoteza maana kitakwimu uhuru unapovuka 3.35. Ni washiriki 51 tu, takriban mmoja kati ya watano, waliokuwa juu ya hapo. Waliobaki wote wako kwenye eneo ambalo safari ndefu na uchovu vinakwenda pamoja.

Maelezo ya nyongeza kwenye madodoso yanakubaliana na picha hii. Muuzaji wa duka la jumla anayetoka Mbagala aliandika kwamba kinachomchosha si kusimama kwenye daladala, bali kutazama saa ikikaribia saa mbili huku gari halisogei, akijua akichelewa anakatwa posho. Hata hivyo data zilikusanywa kwa wakati mmoja, na huenda wenye uhuru ndio wenye vyeo na magari yao wenyewe. Aina ya usafiri haikudhibitiwa, kwa hiyo hatusemi kwamba uhuru ndio unaopunguza uchovu.

Kielelezo 4.2. *Uchovu wa kazi unaokadiriwa kulingana na muda wa safari ya asubuhi, kwa wenye uhuru mdogo na wenye uhuru mkubwa wa kupanga saa ya kuingia.* Mstari mzito ni uhuru mdogo (1.7), mstari wa vidoti ni uhuru mkubwa (3.5). Upande wa kushoto, kwa safari ya dakika 46, mistari inakaribia kugusana (2.69 na 2.67): kwa anayeishi karibu, uhuru hauleti tofauti ya kuonekana. Kadiri safari inavyorefuka mistari inaachana, na kwenye dakika 102 wenye uhuru mdogo wako 3.39 huku wenye uhuru mkubwa wakiwa 2.86. Mteremko wa mstari mzito una maana kitakwimu (p < .001); wa vidoti hauna (p = .13). Kivuli ni masafa ya uhakika ya 95%. Vigeu vilivyodhibitiwa vimewekwa kwenye wastani. Skeli ya uchovu ni 1 hadi 5, lakini mhimili wima umeonyeshwa kuanzia 2 hadi 4 tu, hivyo mwachano unaonekana mkubwa kuliko ungeonekana kwenye skeli nzima.