Yah: Mshahara wa Julai hautatoka wote tarehe 28

Keko, Dar es Salaam
Jumatano, 23 Julai 2025

Kwa wafanyakazi wote wa karakana, ofisi na stoo

Ndugu zangu,

Jumatatu tarehe 28 ni siku ya mshahara, na siku hiyo sitaweza kuwalipa mshahara wote. Nitalipa sehemu. Nawaandikia leo, siku tano kabla, ili aliyeahidi kodi ya nyumba au ada ya mtoto apate muda wa kuzungumza na anayemdai.

Hesabu yenyewe ni hii. Mshahara wenu wa Julai, baada ya makato, ni shilingi 14,720,000 kwa watu 32. Leo asubuhi benki tulikuwa na shilingi 6,850,000, na hatuna akaunti nyingine. Tunadai wateja wawili: halmashauri tuliyoitengenezea madawati, shilingi milioni 41.3, na hoteli ya vitanda vya mninga, shilingi milioni 19.6. Kazi ipo na deni letu lipo, ila fedha taslimu hakuna.

Tumefikaje hapa? Madawati tuliyakabidhi Mei, yakakaguliwa, yakapokelewa, ankara ikatoka. Mwaka wa fedha wa serikali ukafungwa tarehe 30 Juni malipo yetu hayajatoka, na sasa tumeambiwa deni linahakikiwa upya kabla ya kulipwa kwenye bajeti mpya. Huku nyuma, VAT ya ankara ile haikusubiri mteja alipe. Tukitoa ile tuliyolipa kwenye manunuzi, TRA tuliwapelekea milioni 3.8 mwezi Juni, kutoka mfukoni mwetu, kwa mauzo ambayo hayajatuletea hata senti.

Lakini nisiisukumie halmashauri lawama zote. Oda ile niliikubali mimi bila malipo ya awali, na mbao na mabomba ya chuma nikanunua kwa fedha taslimu. Mhasibu alinionya, nikamwambia serikali haikimbii. Ni kweli haikimbii, ila mshahara wenu una tarehe. Na mwezi Machi nilinunua mashine ya kubandika kingo kwa fedha taslimu, milioni 14, badala ya kuilipia kidogo kidogo. Fedha ile ingebaki benki, barua hii nisingeiandika.

Sasa malipo. Jumatatu tarehe 28 kila mmoja atapokea shilingi 150,000, aliyeajiriwa mwaka huu na fundi mkuu sawasawa. Jumla ni 4,800,000. Najua mwenye mshahara mkubwa ataona amepunjwa, kwa kuwa kwake ni kipande kidogo. Nilifikiria kugawa kwa asilimia, nikaona anayepokea kidogo angebaki na fedha isiyofika hata wiki mbili za nauli na unga. Kiwango sawa nimekiamua mimi, msimlaumu mhasibu. Zinazobaki, 2,050,000, ni za umeme, vanishi, vibarua wa kutwa wanaolipwa kila Jumamosi, na akiba kidogo ya dharura. Tukizigusa hizo, kazi ya hoteli itasimama, na hoteli ndiyo inayotutoa hapa.

Hoteli imekubali kwa maandishi kulipa milioni 12 Alhamisi tarehe 7 Agosti, kwa sababu tarehe 8 ni Nane Nane na benki zitafungwa. Zikiingia, shilingi 9,920,000 zilizobaki za mshahara wenu zitatoka kwanza, kabla ya muuza mbao, kabla ya mwenye eneo, kabla yangu. Mimi na meneja hatumo katika wale 32, na hatutachukua kitu mpaka wa mwisho wenu amalizwe.

Je, hoteli isipolipa? Siwezi kuapa kwa niaba ya mfuko wa mtu mwingine. Kwa hiyo lile gari dogo la mizigo nimeshalitangaza kuuzwa, na madalali wawili wamekuja kuliona. Na Jumatatu tarehe 11 Agosti, saa mbili asubuhi, nitasimama mbele yenu karakanani, fedha ziwe zimeingia au hazijaingia. Msisubiri tetesi.

Nikitaja tetesi, lori lililoshusha mbao Jumatatu limezua maneno, nami nayaelewa. Mbao zile ni za mteja wa makabati, amezinunua mwenyewe, sisi tunamfanyia kazi ya ufundi tu. Risiti iko ofisini. Chagueni watu wawili mnaowaamini, mmoja wa karakana na mmoja wa ofisi au stoo. Kila Ijumaa mchana mhasibu atawaonyesha salio la benki na orodha ya wanaotudai na tunaowadai. Nao watawaeleza wenzao watakachokiona, hata kama si kizuri.

NSSF ya Juni imeshapelekwa, na kila mmoja anaweza kuangalia taarifa yake mwenyewe. Mwenye makato ya saccos aonane na mhasibu kabla ya Ijumaa, ili tuwaandikie barua wasimtoze faini kwa kosa letu. Barua kama hiyo nitamwandikia pia mwenye nyumba au mwalimu mkuu, kwa muhuri wa karakana na namba yangu ya simu. Mwenye mgonjwa au msiba asikae kimya. Ile akiba ya dharura ni ndogo, lakini kwa hayo ndiyo ipo. Tafadhalini, msiende kwa watu wa kausha damu. Mkopo wa wiki mbili kule utakula mshahara wenu hadi Oktoba, na mimi sitakuwa na uwezo wa kuwalipia riba ile.

Mpaka deni lenu liishe, sitamwomba mtu abaki baada ya saa kumi na moja, wala kuja Jumapili. Atakayeomba ruhusa ya nusu siku akashughulikie mambo yake atapewa. Hakuna anayepunguzwa kazi kwa ajili ya jambo hili. Oda za Agosti na Septemba zinatosha mikono yote tuliyonayo, na kuanzia sasa hakuna oda itakayoingia karakanani bila nusu ya malipo mezani, awe mteja wa serikali au wa harusi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mshahara ulipwe siku tuliyokubaliana. Siku yetu ni tarehe 28. Kwa hiyo sisemi nawaomba mnikopeshe, maana hamkuulizwa. Nimekosa, na naomba radhi. Atakayeona aende CMA kudai haki yake aende, na akirudi atakuta randa yake pale pale. Sitamuuliza mtu kwa nini amekwenda.

Wako kati yenu waliokuwa nami tulipoanza na msumeno mmoja chini ya turubai. Sitautumia ukongwe wenu kuwanyamazisha. Wao ndio wenye haki ya kuniuliza maswali makali zaidi.

Kesho Alhamisi saa nne, wakati wa chai, mashine zitazimwa nusu saa na tutakutana kwenye banda la vanishi. Barua hii itasomwa kwa sauti, kisha mtauliza. Asiyetaka kuuliza mbele za watu, mlango wangu uko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, leo na kesho. Walioko kwenye ufungaji Bagamoyo nitawapigia simu mmoja mmoja leo jioni, wasiisikie habari hii kwa wengine.

Wenu,
Mkurugenzi