Vituo vya harusi ya Neema na Baraka: bango la mlangoni, kadi za meza na kadi za majina

BANGO KUBWA LA MLANGONI

Karibuni sana jamani, wakubwa wote shikamooni!

Leo ukumbi wetu ni njia ya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, na kila meza ni kituo. Tafuta jina lako hapa chini uone unashukia wapi, ukifika mezani utaikuta kadi yako ndogo ya bluu imesimama mbele ya sahani. Penye neno dabo viti ni viwili na vinafuatana. Ukilikosa jina lako usiondoke wala usione aibu, mwambie yeyote mwenye skafu ya bluu, kiti kipo.

MAGOMENI MAPIPA (meza kuu): Neema na Baraka, wasimamizi wetu Kaka Daudi na Dada Rose

MANZESE: Baba na Mama Neema, Bibi Tausi, Mjomba Juma, Shangazi Rehema (dabo), Mama Mdogo Anna, Upendo, Isaka

KIMARA MWISHO: Baba na Mama Baraka, Babu Elia, Baba Mkubwa Yohana (dabo), Shangazi Ndeshi, Baba Mdogo Godi (dabo)

UBUNGO: Mama Mkubwa Aisia wa Moshi, Mjomba Hoza wa Tanga (dabo), Binamu Lulu wa Iringa (dabo), Mama Kulwa wa Dodoma

JANGWANI: Mwenyekiti Kaka Sele (dabo), mweka hazina Dada Pili, katibu Frenki, Mama Jeni wa chakula, Kaka Musa wa usafiri

SHEKILANGO: Mama Asha jirani (dabo), Baba Kelvini, Mwalimu wa kwaya (dabo), Dada Happi, Dada Mariamu

KIVUKONI: wenzetu wa kazini, Joisi, Hamisi (dabo), Dada Vaileti, Kaka Abduli, Sauda (dabo)

KADI ZA MEZA

MAGOMENI MAPIPA
Masika ya 2018, Jangwani pamejaa maji, basi likaishia hapa na wote tukaambiwa tushuke. Baraka alikuwa na mwamvuli, Neema alikuwa na bahasha ya ofisi ameificha ndani ya sweta isilowane, wakasimama pamoja chini ya paa la kituo zaidi ya saa nzima wakiongea mpaka mvua ikakatika na bado wakaendelea kusimama. Walikuwa wamepanda basi moja asubuhi nyingi kabla ya hapo na hawajawahi hata kusalimiana. Ndo maana meza kuu ni hii na sio nyingine.

MANZESE
Hapa ndipo Neema alipokuwa anapandia kila asubuhi, na Mama yake anamsindikiza kukiwa bado giza. Mama, asante kwa zile asubuhi zote.

KIMARA MWISHO
Mwendokasi ilipoanza 2016 nauli ya kwenda mjini ilikuwa shilingi 650, na Baba alikuwa anamwachia Baraka ya kwenda na kurudi juu ya redio kabla hajapata kazi. Baba hajawahi kuidai. Wazazi wetu, kaeni hapa mpumzike, leo tunawahudumia sisi.

UBUNGO
Kwa wageni wetu wa mikoani. Tunajua mabasi yenu siku hizi yanaishia Mbezi Louis, stendi ilishahama tangu 2021, ila kwetu sisi mgeni wa mkoani bado anapokelewa Ubungo. Poleni na safari.

JANGWANI
Kamati yetu. Mafuriko mliyapita na sisi, vikao vya Jumapili, simu za usiku, michango iliyochelewa, hamkumwacha mtu njiani. Meza hii inaitwa kwanza kwenye chakula, emsii ameshaambiwa.

SHEKILANGO
Majirani na kwaya. Mliotulea na mliotuimbia.

KIVUKONI
Mwisho wa njia, kazini, upepo wa bahari na samaki wa Feri saa ya lanchi. Jumatatu hatuji, msitutafute!

KADI ZA MAJINA

Bibi Tausi
Unashuka: Manzese
Kiti 1, mbali na spika. Mto wa mgongo umeshawekwa.

Shangazi Rehema
Unashuka: Manzese
Kiti 4 na 5. Umekuja na kitenge kile? Tutakuja kukuona mezani.

Babu Elia
Unashuka: Kimara Mwisho
Kiti 1. Chakula chako hakina chumvi, kinaletwa hapohapo, usipange foleni.

Mama Mkubwa Aisia
Unashuka: Ubungo
Kiti 1. Begi lako liko kwa Isaka.

Dada Pili
Unashuka: Jangwani
Kiti 3. Daftari la michango liache nyumbani leo, kaa ule.

Isaka
Unashuka: Manzese
Kiti 8. Soda mbili, sio nne.

BANGO LA KUTOKEA

Asanteni kwa kuja. Kosta mbili ziko getini, moja inapita Manzese na Ubungo mpaka Kimara, nyingine inapita Magomeni mpaka Posta, zote zinaondoka saa 6 usiku. Kadi yenye jina lako ni yako, ondoka nayo.